Koti la baridi: kwanza tuulize ni baridi ya namna gani

Mwezi wa 1, kijana wa mwenzetu mmoja wa kazi aliondoka hapa Likasi kwenda kusoma Montreal, kule Kanada. Sisi wenzake wa baba yake tulichanga, tukaingia sokoni mu nguo za balo, tukamchagulia manto nyeusi ya sufu, ndefu mpaka magoti. Tulipoinyanyua mikono ikachoka. Tukasema: hii njo koti ya kweli.

Kiisha wiki mbili akapiga simu: «Baba, hii manto iko nzito sana, lakini upepo unaipita. Na teluji ikiyeyuka juu yake, inakunywa mayi. Asubuhi ninaivaa haiyakauka.»

Tulikosea juu tulipima koti kwa uzito. Na wako wazazi wengi katika cité zetu wanaotayarisha mtoto kwenda Bulaya ama Kanada, wanaoweza kupoteza pesa namna ile ile. Basi tueleze yale tuliyojifunza pamoja na huyu kijana.

Koti halitoi moto. Moto unatoka mu mwili wa mtu, na kazi ya koti ni kuuzuia usiende. Kinachouzuia ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi ama manyoya. Njo maana blanketi iliyofura inapasha kuliko ile iliyolala kama karatasi, hata kama uzito ni mmoja. Hewa ile ina maadui wawili: upepo unaoisukuma nje, na maji yanayochukua nafasi yake. Sisi wa mugodi tunajua hii vizuri. Mtu aliyetoka jasho mu kazi, akisimama na salopeti mbichi mahali hewa ya ventilasio inapita, anatetemeka hata kama nje ni jua kali.

Sasa, ndani ya makoti ya baridi kali munakuwa zaidi vitu viwili. Cha kwanza ni manyoya laini ya kifuani mwa bata. Ni mepesi, yanafura sana, na kwa baridi kavu hakuna kinachoyashinda kwa uzito ule. Lakini yakilowa yanashikamana kama pamba iliyoanguka mu maji, hewa inatoka, na koti linakuwa kitambaa tu. Kukauka kwake kunachukua muda mrefu. Cha pili ni nyuzi za poliesta. Hizo ni nzito kidogo, na zikikunjwa na kubanwa miaka mingi zinachoka, hazifuri tena. Lakini zikilowa zinabakiza sehemu ya joto, zinakauka upesi, na bei yake kwa kawaida ni ya chini.

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza bei, tuulize baridi ya kule ni ya namna gani. Brussels, mu mwezi wa 1, hewa inakuwa karibu digri 3 ama 4 juu ya sifuri, na mvua inanyesha mara nyingi. Kule adui wa kwanza ni maji. Mtu anahitaji koti jepesi lisilopitisha mvua, na chini yake tiriko nzuri. Montreal ni kitu kingine: wastani wa mwezi wa 1 ni karibu digri 10 chini ya sifuri, na usiku mwingine unashuka kupita 20 chini. Upepo unaongeza. Wakubwa wa hali ya hewa wa Kanada wanaonya kwamba, baridi pamoja na upepo ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Masikio, pua na vidole njo vinaanza: vinakufa ganzi, kiisha vinageuka vyeupe ama rangi ya majivu. Mtu akiona vile aingie ndani ya nyumba, wala asisugue.

Juu ya maji, tusidanganywe na kitambaa kinachong'aa. Liko koti ambalo maji yanateleza juu yake kwa dakika chache, kiisha yanaingia. Na liko ambalo maji hayapiti kabisa. Tofauti inaonekana ukiligeuza. Kwa lile la kweli, pale vitambaa vinapoungana, matundu ya sindano yamefunikwa na ukanda mwembamba uliobandikwa. Kama koti liko na kitambaa kingine cha ndani, ukanda hauonekani, basi soma lebo. Mengine yanaandikwa namba ya milimita: kitambaa cha 10,000 kinavumilia mvua ya nguvu. Lakini kitambaa kisichopitisha hewa hata kidogo, kama lile koti la plastiki la mvua, kinafunga jasho ndani, na mtu analowa kutoka kwa mwili wake mwenyewe.

Njo maana nguo zinavaliwa kwa tabaka tatu. Ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe ya sufu nyembamba ama poliesta, juu ya kutoa jasho. Tisheti ya pamba inakunywa jasho na kulishika, inabaki baridi mgongoni. Ya pili ni tiriko nene, ya kushika hewa. Ya tatu ni koti lenyewe, la kuzuia upepo na maji. Mtu akipanda basi lenye joto ama akiingia darasani, afungue ama atoe tabaka moja mbele ya jasho kuanza. Na koti lijaribiwe juu ya tiriko: likibana, linaponda ile hewa, joto linapungua.

Huyu kijana wetu tulimfanyia hesabu upya. Alikuwa na pesa ya koti moja tu. Kila asubuhi anatembea dakika 15, kiisha anangojea basi. Mu mwezi wa 3 teluji inageuka matope ya maji, na siku zingine mvua inanyesha juu yake. Koti la manyoya ya bata lingemfaa mu mwezi wa 1, lakini kwa wakati wa maji lingehitaji la pili juu yake. Tukakubaliana: poliesta nene, kitambaa cha nje kisichopitisha maji, refu kupita makalio, kofia iliyoshonwa pamoja, na mikono inayofungwa kwenye kiganja. Alilinunua kule kule, likiwa limevaliwa tayari na mtu mwingine.

Kabla ya kulipa alilijaribu hivi. Alilifinya kwa ngumi na kuliachia: lilifura tena upesi. Lingebaki limelala, ndani yake mungekuwa mumechoka. Aliliinua mbele ya taa kutafuta sehemu tupu. Alimwaga matone ya maji kwenye bega, akangojea dakika chache, akagusa ndani: pakavu. Kiisha akafunga na kufungua zipu mara kadhaa, juu koti bila zipu ni mlango bila kufuli.

Kwa mzazi aliye hapa, shauri letu ni hili: usimalize pesa yote sokoni Likasi. Mtoto apande ndege na tiriko mbili, kofia, glavu na koti lolote la kumfikisha. Pesa ya koti lenyewe aifiche mfukoni, alinunue siku ya kwanza ama ya pili, baridi ya kule ikiwa imemgusa. Ile manto yetu ya sufu angali nayo. Anaivaa chumbani usiku, akisoma.