BEGA LA SWETA NA HESABU YA KOFIA

Mwezi wa Julai, asubuhi zinapokuwa na baridi hapa Temeke, mwanafunzi wetu mmoja alimfumia mdogo wake wa miezi sita sweta la kulabu. Lilipofika begani likajikunja mawimbi kama pindo la gauni. Nikamuuliza alikuwa akiongeza vipi. Akasema: "Kama ninavyofuma kofia, ustadhi."

Kosa ndilo hilo. Utosi wa kofia hulala bapa kama sahani, na kwa fundo refu (lile la kuzungusha uzi mara moja kwenye kulabu) duara bapa hutaka nyongeza 12 kila mzunguko. Ubavu wa kofia hauongezwi kitu. Bega la mtu limeinama, liko katikati ya hayo mawili. Basi zidisha nyongeza upate mawimbi, zipunguze mno na sweta litapanda shingoni.

Tulifumua, tukapima. Uzi wake ulitoa mafundo 16 katika sentimita 10, na mizunguko 8 katika urefu huo huo. Tukaanza na mafundo 64 shingoni, mwanzo wa mzunguko ukiwa katikati ya mgongo. Kutoka shingo hadi kwapa ni mizunguko 9, na nyongeza ziko katika mitatu tu: wa 2, wa 4 na wa 6. Kuongeza ni kufuma mafundo mawili mahali pamoja. Mara ya kwanza aliongeza katika kila fundo la 4, akapata 80. Mara ya pili kila la 5, yakawa 96. Mara ya tatu kila la 6, yakawa 112. Kila mara zimeingia 16. Nilimwambia asogeze kidogo pa kuanzia kuhesabu, kwani nyongeza zikipangana mstari mmoja duara huota pembe. Na ahesabu kila mzunguko. Fundo moja likipotea juu, huku chini mikono haitalingana.

Kwapani tuligawa 112 hivi: mbele 32, nyuma 32, kila mkono 24. Alifuma 16 za nusu ya mgongo, akaruka 24 za mkono, akafuma mnyororo wa 6, akafuma 32 za mbele, akaruka 24 nyingine, mnyororo wa 6 tena, akamalizia 16. Kiwiliwili kikawa na mafundo 76, karibu sentimita 47 na nusu, wakati kifua cha mtoto kilikuwa 43. Bila ile minyororo sweta lingembana kwapani.

Mkono huanzia katikati ya mnyororo wa kwapa: 3, kisha zile 24, kisha 3, jumla 30. Pale mnyororo unapokutana na mkono hubaki tundu, wala usilizibe kwa sindano baadaye. Okota fundo moja la ziada kila kona, na mzunguko unaofuata uliunganishe na jirani yake yawe moja, urudi kwenye 30.

Mtoto alilivaa Ijumaa iliyofuata.