Gemu Kubwa Kwenye Prosesa ya Ukoo wa Simu

Juni 2024, Microsoft na kampuni kadhaa za kompyuta zilitoa mpakato jembamba za Windows ambazo hazina Intel wala AMD ndani yake. Zina Snapdragon X, chipu ya Qualcomm, kampuni ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa simu zetu. Betri inakaa kutwa nzima, na mtu akiwa anaandika barua au anatazama filamu, feni haisikiki kabisa. Basi siku ya pili au ya tatu mwenye mashine anajiuliza lile ambalo muuzaji hakuligusa: je, inacheza gemu?

Inacheza nyingi, tena kuliko watu wanavyodhani. Zinazokataa nazo, mara nyingi hazikatai kwa sababu chipu ni dhaifu.

Tatizo la msingi ni hili. Gemu za kompyuta karibu zote zimeandikwa kwa amri za x86, yaani zile ambazo prosesa za Intel na AMD huzielewa. Snapdragon haizielewi, yenyewe inaelewa amri za ARM, kama simu. Mwaka 2012 Microsoft ilijaribu kulipita tatizo hilo kwa kulifumbia macho: Surface RT ilikuwa na chipu ya ARM na Windows isiyoweza kuendesha programu za zamani hata moja ambayo mnunuzi angeileta kutoka kompyuta yake nyingine. Julai mwaka uliofuata kampuni ikakiri hasara ya dola milioni 900 kwa bidhaa hiyo. Mwishoni mwa 2017 zikatangazwa mpakato zenye Snapdragon 835, chipu ya simu hasa, safari hii zikiwa na programu ya kutafsiri amri. Lakini ilitafsiri programu za biti 32 tu, ilhali gemu kubwa zilikuwa zimeshahamia biti 64. Mlango huo ulifunguliwa rasmi na Windows 11 mwaka 2021, na mwaka 2024 akaja mtafsiri mpya aitwaye Prism.

Prism haitafsiri gemu yote kabla haijaanza. Inachukua kipande cha amri pale kinapohitajika, inakigeuza kuwa amri za ARM, kisha inakihifadhi ili kikiitwa tena kisitafsiriwe upya. Ndiyo maana gemu hugugumia mara ya kwanza unapoingia eneo jipya, halafu ukirudi hapohapo inateleza. Tena kazi yake ni ndogo kuliko inavyoonekana, kwa kuwa gemu haifanyi kila kitu yenyewe. Ikitaka kuchora picha, inaiomba Windows, na Windows inampa kazi draiva wa grafiki. Windows hiyo na draiva huyo wameandikwa kwa ARM tangu mwanzo, kwa hiyo upande wa uchoraji, ulio mzito kuliko yote, hauhitaji kutafsiriwa amri kwa amri.

Hoja hiyo ndiyo Qualcomm waliyowaeleza watengenezaji wa gemu Machi 2024 kwenye mkutano wao mkubwa wa San Francisco: gemu nyingi hukwamishwa na chipu ya grafiki, si prosesa, kwa hiyo gharama ya tafsiri haitaonekana. Ni kweli, ila si kwa kila gemu, wala si kwa kila sehemu ya gemu moja.

Tuichukue Baldur's Gate 3, iliyotoka kwenye kompyuta Agosti 2023 na ambayo Qualcomm wenyewe waliitumia kuonyesha uwezo wa chipu yao. Ili skrini ionyeshe fremu 30 kwa sekunde, kila fremu lazima ikamilike ndani ya milisekunde 33 hivi. Prosesa na chipu ya grafiki hufanya kazi sambamba, na anayechelewa ndiye anayeamua kasi. Tuseme msituni, mwanzoni mwa safari, chipu ya grafiki inatumia milisekunde 31 kuchora fremu moja, na prosesa ingetumia 12 kama gemu ingekuwa ya ARM. Tafsiri ikiipandisha 12 hiyo hadi 18, mchezaji hatajua kitu, maana prosesa bado inamaliza mapema na kumsubiri mwenzake. Sasa tufike jijini, kwenye sehemu ya tatu ya hadithi, ambako mitaa imejaa watu na kila mmoja ana shughuli yake ya kukokotolewa na prosesa. Tuseme kazi ya prosesa imepanda hadi milisekunde 27. Ikiongezwa nusu yake kwa ajili ya tafsiri inapita 40, na fremu 30 zinakuwa chini ya 25. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini mwenendo wenyewe ndio huo: sehemu hiyo ya jiji inajulikana kuzitoa jasho hata prosesa za kawaida za mezani.

Dalili yake ni rahisi kuitambua. Ukipunguza ukubwa wa picha na fremu zikaongezeka, aliyekwama alikuwa grafiki. Ukipunguza na pasibadilike kitu, aliyekwama ni prosesa pamoja na mtafsiri wake, na hapo hakuna kitufe cha ubora wa picha kitakachokusaidia.

Jambo moja linaifanya tafsiri iwe ghali, nalo halizungumzwi sana. Prosesa ya kisasa ina viini vingi vinavyotumia kumbukumbu moja. Kwenye x86, kiini kimoja kikiandika jambo A kisha B, viini vingine vitayaona kwa mpangilio huohuo. ARM haitoi ahadi hiyo. Huenda B ikaonekana kabla ya A, maana uhuru huo huisaidia chipu kufanya kazi haraka. Gemu iliyoandikwa kwa kutegemea ahadi ya x86 inaweza kuanguka ghafla, au kufanya vituko visivyoeleweka. Dawa yake ni Prism kupachika vizuizi kati ya amri, na kila kizuizi kinakula muda. Windows imemwachia mtumiaji nafasi ya kuchagua: ukibofya faili la gemu kwa kitufe cha kulia, ukaenda `Properties`, kisha `Compatibility`, utaona `Change emulation settings`. Humo unaweza kuongeza vizuizi gemu inapoanguka ovyo, ukikubali kupoteza kasi. Ipo hata njia ya kuilazimisha programu nzima itumie kiini kimoja ili vizuizi visihitajike kabisa. Kwa gemu kubwa ya leo hiyo ni adhabu, lakini imewahi kuwa mkombozi wa programu kongwe.

Kizingiti kingine kilikuwa amri za AVX, zinazokokotoa namba nyingi kwa mpigo. Prism ya mwanzo haikuzijua, kwa hiyo gemu iliyozidai ilijifunga papo hapo. Novemba 2024 Microsoft ilianza kuwajaribishia watumiaji wa matoleo ya majaribio Prism inayozitafsiri AVX na AVX2, na baadaye ikausambaza uwezo huo kwa wengine. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa mwaka 2024 kwamba gemu fulani haifunguki ana sababu ya kuijaribu tena.

Upande wa grafiki nao una tabaka zake. Draiva wa Adreno, chipu ya grafiki iliyomo ndani ya Snapdragon X, anaelewa DirectX 11, DirectX 12 na Vulkan moja kwa moja. DirectX 9 na OpenGL, lugha za gemu za zamani, hupitishwa kwenye tabaka jingine linalozigeuza. Ndiyo sababu ya kioja kinachowashangaza wengi, kwamba gemu ya mwaka 2008 inaweza kusumbua kuliko ya 2018. Kwa upande mwingine, Adreno ya kizazi hicho cha kwanza haifikii daraja la juu la DirectX 12, kwa hiyo gemu kama Alan Wake 2, iliyojengwa juu ya uwezo huo, si ya mashine hizi. Na si kila Snapdragon X ni sawa: Adreno ya zile za juu imetajwa kuwa na teraflopu 4.6, ya toleo la chini lenye viini nane ni 1.7 tu. Majina ya bidhaa yanafanana mno kiasi kwamba mnunuzi asiyesoma namba ya chipu ataibeba hiyo ndogo akidhani ameipata ile kubwa.

Lakini hayo yote ni mjadala wa kasi. Kinachowatoa wachezaji wengi nje kabisa ni kinga ya udanganyifu.

Gemu za ushindani mtandaoni huweka draiva anayeingia ndani kabisa ya Windows, kwenye kerneli, ili kuwakamata wanaotumia programu za kuiba ushindi. Prism inatafsiri programu za kawaida tu. Kwenye kerneli haigusi. Draiva wa huko lazima awe ameandikwa kwa ARM na mwenye gemu, la sivyo hakuna mchezo, hata chipu iwe na nguvu kiasi gani. EA ilianza kutumia kinga ya namna hiyo kwenye FIFA 23, na FC 25 ilitoka bila draiva wa ARM. Kwa vijana ambao gemu kwao maana yake ni mpira, hilo peke yake linamaliza mazungumzo. Valorant nayo iko kundi hilohilo. Fortnite imechukua njia tofauti: Machi 2025 Epic na Qualcomm walitangaza kwamba gemu hiyo, pamoja na kinga ya Easy Anti-Cheat, vitaletwa kwenye Windows ya Snapdragon. Kwa kuwa kinga hiyo hutumiwa na gemu nyingi za kampuni nyingine, tangazo hilo lilikuwa na uzito kuliko gemu yenyewe, ingawa kila mtengenezaji bado ana kazi ya kuiwasha kwenye gemu yake.

Anayenunua mashine ya mkononi na aanzie kwenye `Settings`, kisha `System`, kisha `About`. Kama mbele ya `System type` pameandikwa `ARM-based processor`, hayo yote yaliyosemwa yanamhusu. Ikiwa ni ya enzi za Snapdragon 835, Windows 11 haiikubali rasmi, na bila hiyo gemu za biti 64 hazipo. Gemu ikishafunguka, safu ya `Architecture` kwenye `Task Manager` itamwonyesha kama inatafsiriwa: `x64` ni ya kutafsiriwa, `ARM64` imeandikwa kwa chipu hiyo.

Kwa gemu yenyewe, Steam hurudisha pesa kama hujacheza zaidi ya saa mbili na siku 14 tangu ununue hazijapita. Hizo saa mbili zinatosha kuijua kinga ya udanganyifu, AVX na draiva wa grafiki, maana hao hukataa mlangoni. Kwa Baldur's Gate 3 hazitoshi. Mtu anaweza kuzimaliza akiwa bado anachagua nywele za mhusika wake na kutoroka kwenye ile meli ya mwanzo, na humo fremu zinatulia vizuri tu. Jiji liko mbele yake kwa makumi ya saa, na pesa hairudi tena.