Pampu Inaponguruma, Usikimbilie Beringi

Pampu ya maji ya jengo ikianza kunguruma, fundi huweka kiganja juu ya mota, akasikiliza kidogo, akasema, "Beringi zimekwisha." Zinanunuliwa mpya, zinafungwa, na baada ya muda ngurumo inarudi. Kiganja kinaweza kutambua kwamba mashine inatetemeka. Hakiwezi kuhesabu inatetemeka mara ngapi kwa sekunde, na hesabu hiyo ndiyo inayomtaja mkosaji.

Anayehesabu ni kipima mtetemo. Sensa yake yenye sumaku hubandikwa karibu na beringi katika pande tatu: ubavuni, juu, na kuelekea urefu wa shafti. Kifaa kinauchambua mtetemo kwa hesabu ya Mfaransa Joseph Fourier na kuonyesha vilele kwenye skrini. Mahali kilele kilipo panaonyesha mtetemo unajirudia mara ngapi kwa sekunde, yaani Hz. Urefu wake unaonyesha ukali, kwa milimita kwa sekunde. Mchoro huo ndio spektra.

Tuchukue mota ya kilowati 1.5 inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, iliyounganishwa na pampu kwa kaplingi. Gawanya 1,440 kwa 60 upate 24. Shafti inazunguka mara 24 kwa sekunde, na kila kilele tutakisoma kwa kukigawanya kwa namba hiyo.

Impela ikiwa imeliwa upande mmoja au imenasa uchafu, upande mzito huivuta shafti mara moja katika kila mzunguko. Kilele kirefu husimama kwenye 24 Hz, ubavuni na juu, na vingine hubaki vifupi. Hapo dawa ni kusafisha impela au kuifanyia balansi. Lakini tahadhari: kilele cha 24 peke yake si ushahidi kamili, kwani shafti iliyopinda nayo hukitoa.

Shafti mbili zisipokuwa kwenye mstari mmoja, kaplingi hulazimika kujikunja na kujikunjua, mara nyingi mara mbili kwa mzunguko. Ndipo 48 Hz inapopanda, na huenda ikaipita 24. Zikiwa zimekutana kwa pembe, mtetemo wa kuelekea urefu wa shafti nao huwa mkali, jambo ambalo impela isiyo na balansi kwa kawaida halileti.

Beringi iliyochubuka haifuati namba kamili za mzunguko. Mota yetu ina beringi namba 6205 yenye gololi 9. Kwa vipimo vyake, sehemu iliyomeguka kwenye ringi ya nje hugongwa mara 3.585 kwa kila mzunguko, yaani 86 Hz. Ya ringi ya ndani hugongwa mara 5.415, yaani 130 Hz, na huzungukwa na vilele vidogo vya 106 na 154, kwa sababu jeraha hilo huzunguka na shafti, likiingia na kutoka penye uzito. Usiichanganye 130 na 120: impela yenye mapezi 5 hutoa 120 Hz hata ikiwa nzima.

Sasa tuseme skrini inaonyesha, ubavuni, 1.3 kwenye 24 Hz, 3.1 kwenye 48, na 0.4 tu kwenye 86. Kuelekea urefu wa shafti, 24 imefika 2.2. Jumla ya ubavuni ni kama 3.4. Kwa mashine ndogo, kiwango cha ISO 10816-1, kilichoondolewa mwaka 2016, kilianza kulalamika kuanzia 1.8, na kuanzia 4.5 kilihesabu hatari. Mkosaji mkuu ni mpangilio wa shafti. Beringi ni majeruhi wake: kilele cha 86 ni kifupi, lakini hakina sababu nyingine ya kuwa pale.

Fundi azime umeme na kuufunga, akague kama miguu yote ya mota imekaa sawasawa, aweke saa ya kupimia kwenye kaplingi, aongeze au apunguze shimu chini ya miguu, kisha apime tena. 48 ikishuka, utambuzi ulikuwa sahihi. 86 haitashuka, maana chuma kilichomeguka hakijirudishi, kwa hiyo beringi ibadilishwe. Ikibadilishwa bila kunyoosha shafti, mpya nayo itaumia.

Spektra hii ya kawaida ina udhaifu mmoja: huchelewa kuona jeraha changa la beringi, ambalo hupiga kelele kwanza kwenye masafa ya juu sana na huhitaji kipimo chake maalumu. Ukosefu wa kilele cha 86 si cheti cha uzima.

Mwenye pampu, usilipe kwa kuambiwa "imekaa sawa". Dai spektra mbili, ya kabla na ya baada ya matengenezo, zilizopimwa mahali palepale na kwa kasi ileile.