Jina la Kwenye Posti na Jina la Kwenye Muamala

Anayenunua dera Kariakoo halipi kabla ya kulishika. Analifunua, anavuta kitambaa, anakagua mshono wa begani, ndipo anafungua pochi. Anayenunua Instagram anaombwa atume hela kwanza, kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa nguo ambayo ameiona kwenye picha tu. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza bei anapandisha ukurasa hadi juu kutazama duka hili ni la nani. Pale juu ndipo panapokaa posti iliyopiniwa, na kwa duka jipya lisilo na wateja wa kulisemea, posti hiyo hubeba kazi yote ya kumtoa mtu wasiwasi.

Wengi huipoteza nafasi hiyo. Wanaandika "Karibuni wapendwa, nguo kali kwa bei poa, njoo DM," wanaweka maua na mioyo, basi. Hakuna jina wala mtaa, na bei imefichwa. Hivyo hivyo ndivyo anavyoandika tapeli, na mgeni hana namna ya kuwatofautisha.

Tuchukue mfano wa dada anayeanza kuuza madera ya pamba. Mzigo anauchukua Kariakoo na kuuweka nyumbani kwake Tabata. Hana fremu, na anaona aibu kulisema hilo. Nionavyo mimi, hapo ndipo pa kuanzia. Aandike jina lake kamili, si jina la duka peke yake. Aseme anauza nini hasa, kwamba anauzia nyumbani Tabata, na kwamba anayetaka kuja kuchagua kwa macho anakaribishwa kwa miadi. Wengi hawatakuja, lakini mtu akijua kuwa njia ya kufika ipo, wasiwasi unapungua. Aweke na picha yake mwenyewe, ameshika dera au amelivaa. Historia ya tangu alipokuwa na ndoto ya biashara inaweza kusubiri siku nyingine.

Jina kamili lina sababu ya pili, iliyo nzito zaidi. Mteja akituma hela kwa simu, jina la mpokeaji humtokea kabla hajakamilisha muamala. Kama posti inamtaja dada na simu inaonyesha jina la kiume, mteja anasitisha muamala palepale, na mara nyingi hataaga. Laini inaweza kuwa ya mume au ya kaka bila ubaya wowote, lakini yeye atajuaje? Dawa ni kupokea malipo kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, au kuchukua Lipa Namba, kisha kuandika kwenye posti: "Ukilipa litatokea jina hili." Jina liandikwe herufi kwa herufi kama simu inavyolionyesha. Ongeza kwamba namba ya duka ni hiyo moja tu, kwa kuwa ukurasa ukianza kuchangamka kuna watakaonakili picha zako na kuweka namba yao.

Sasa oda yenyewe. Kinachochosha pande zote mbili ni ile "mambo", "poa", "lipo?", "lipi?", inayochukua nusu siku. Dada wetu anaweza kuikata kwa kulipa kila dera namba, D1, D2 na kuendelea, kisha kumwomba mteja aandike kila kitu kwa ujumbe mmoja: namba ya dera, rangi, urefu, na mahali alipo. Urefu usiachwe kwa sababu eti dera ni la saizi zote. Kifua kitaenea, lakini mrefu atabaki vifundo nje na mfupi atalikanyaga. Apime kutoka begani hadi kifundo cha mguu, kwa inchi.

Ili mteja asiangaike kusevu namba, kuna kiungo kinachofungua WhatsApp moja kwa moja, ujumbe ukiwa umeshaanza kuandikwa:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20dera%20namba
```

Namba huanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07 kama tulivyozoea, kiungo hakitafika kwako. Ile %20 inashika nafasi ya mwachano kati ya maneno. Jambo moja huwaponyoka wengi: kwenye Instagram, kiungo kilichoandikwa chini ya picha hakibonyezeki. Mahali pake ni kwenye maelezo ya wasifu, na posti iseme tu "bonyeza kiungo kilicho juu ya ukurasa huu."

Upande wa pili, WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, inaweza kutuma salamu yenyewe mtu anapoandika mara ya kwanza. Salamu hiyo iwe fupi, irudie yale manne yanayohitajika, itaje na saa za kujibu. Na kama huna undugu wala mazoea na mteja, "karibu dada" au "karibu kaka" inatosha. "Mpenzi" na "mahabuba" kwa mtu usiyemjua huwakera watu kuliko wauzaji wanavyodhani.

Bei iandikwe, lakini isiandikwe juu ya picha. Maneno ya chini ya picha yanaweza kuhaririwa wakati wowote, ila picha ikishapostiwa haibadilishwi. Bei ya Kariakoo ikipanda, mwenye bei iliyochapwa pichani itabidi afute posti na kuanza upya. Nauli ya boda ndani ya jiji inategemea umbali, hivyo ni afadhali kusema itatajwa kabla ya malipo kuliko kubuni bei moja ya wote. Kwa mikoani, eleza kwamba mzigo unakwenda kwa basi, nani analipia usafiri, na kwamba mteja atatumiwa picha ya risiti ya basi ili akachukulie ofisini kwao.

Eneo la malipo lina shimo lake pia, safari hii upande wa muuzaji. Picha ya ujumbe wa muamala si hela, kwani ujumbe wa namna hiyo hughushiwa kirahisi. Posti iseme waziwazi kuwa mzigo unafungwa hela ikishaonekana kwa muuzaji, naye atazame salio lake, asitazame picha aliyotumiwa. Sheria ikiwa imeandikwa tangu siku ya kwanza, mteja mwema haoni kama ameshukiwa.

Na dera likifika na mshono umeachia? Sentensi mbili zinatosha: linabadilishwa ndani ya siku ngapi, na nani analipa nauli ya kulirudisha. Kwa kosa la muuzaji, nauli iwe ya muuzaji. Picha za mazungumzo na wateja walioridhika ni ushahidi mzuri, ila ficha majina na namba zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na mteja hakukutumia namba yake ili uitangaze.

Ukimaliza kuandika, posti, kisha gusa vidoti vitatu vya pembeni na uchague kuipini. Instagram inaruhusu posti tatu juu ya ukurasa, na moja ya namna hii inatosha kwa kuanzia. Kabla ya kulitangaza duka, mpe simu jirani asiyejua biashara yako, mwambie aagize dera bila kukuuliza chochote. Akikwama na kuuliza, usimjibu kwanza. Ingia kwenye posti uandike jibu lake humo.