Uvimbe wa Pajani: Sindano Kwanza, Kisu Baadaye

Upasuaji wa kutoa uvimbe wa pajani unaweza kuonekana umefanikiwa kabisa. Uvimbe umetoka mzima, damu haikumwagika sana, nyuzi zimetolewa, mgonjwa amerudi kwenye shughuli zake. Miezi kadhaa baadaye, pembeni ya kovu, kitu kinaanza kuota tena. Hapo ndipo familia inasikia neno sarkoma kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo inaulizwa kipande kilichotolewa kiko wapi. Mara nyingi hakipo. Kilitupwa siku ileile.

Nawaandikia wasomaji wa Likasi kwa sababu katika miji ya ukubwa wetu kukata ni rahisi kuliko kutambua. Chumba cha upasuaji kipo, na wapo wanaojua kutoa uvimbe kwa mikono safi. Lakini mgonjwa anayehitaji picha za ndani zaidi au mtaalamu wa kusoma nyama kwa darubini huelekezwa Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi. Nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea huwafanya watu waulize: kwa nini tusitoe tu hapahapa, halafu tuone?

Sarkoma ni saratani inayoanzia kwenye nyama laini za mwili: mafuta, misuli, neva, mishipa ya damu na nyuzi zinazozishikilia. Paja ndilo mahali inapopatikana zaidi. Ni ugonjwa wa nadra. Uvimbe usio na madhara, hasa lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, unazidi sarkoma kwa zaidi ya mara mia moja. Unadra huo ndio mtego wenyewe, kwa kuwa daktari aliyetoa lipoma nyingi bila tatizo hana sababu ya kushuku ile inayofuata. Na sarkoma haimsaidii, kwa maana kwa kawaida haiumi, haileti homa, wala haimdhoofishi mgonjwa mwanzoni.

Dalili zinazotakiwa kumsimamisha daktari zinapimwa kwa utepe wa sentimita na kwa vidole. Uvimbe uliozidi sentimita 5, karibu upana wa vidole vitatu vya mtu mzima, ni wa kushukiwa. Ulio ndani ya utando mgumu unaofunika misuli unashukiwa zaidi, hata kama ni mdogo. Unaoendelea kukua, au uliowahi kutolewa ukarudi, vilevile. Hakuna hata moja kati ya hizi inayothibitisha saratani, lakini yoyote inatosha kuzuia kisu.

Tuchukue mfano niliouunda kufuatana na wagonjwa wa aina hii. Fundi wa kuchomelea vyuma, umri miaka 42, ana uvimbe mbele ya paja la kushoto. Anasema ulianza miezi minane iliyopita baada ya kugongwa na bomba. Tuwe waangalifu na maelezo hayo: pigo mara nyingi halikuuzaa uvimbe, lilimfanya tu mtu auguse na kuugundua. Alishapakwa dawa na kuchanjwa chale, ukaendelea kukua. Sasa una sentimita 9 kwa 7. Daktari anautikisa paja likiwa limelegea, nao unasogea kidogo. Kisha anamwambia, “Papa, kaza mguu.” Paja linapokazwa uvimbe unagoma kusogea. Maana yake umo ndani ya misuli au umeshikamana nayo. Lipoma iliyo chini ya ngozi tu ingebaki inatelezateleza juu ya msuli uliokazwa.

Ekografi inathibitisha: ni nyama ngumu, si maji wala usaha, ina damu inayopita ndani yake, na iko chini ya utando wa misuli. Mpaka hapo kila kitu kimefanyika Likasi, kwa gharama ndogo. Kuanzia hapa kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kumwandikia upasuaji wiki ijayo, “lipoma ya paja”. Daktari anapasua ngozi kwa kukingama, kwa sababu kovu la namna hiyo huwa zuri. Anafika kwenye uvimbe na kuona una ganda jeupe, laini. Anapitisha kidole kulizunguka, na uvimbe unachomoka kama chungwa linavyotoka kwenye ganda lake. Anafurahi, kwa sababu umetoka wote. Kumbe ganda lile ni la uongo. Limetengenezwa na nyama za pembeni zilizobanwa na uvimbe ulipokuwa ukikua, na ndani yake na nje yake mna chembechembe za saratani. Kidole kilichopita pale kimeacha sehemu ya ugonjwa ukutani.

Kisha damu inavilia ndani ya shimo lililobaki na kusambaa kati ya msuli na msuli, ikienda na chembe hizo mahali ambapo uvimbe wenyewe haukuwa umefika. Mpira wa kutolea damu umetobolewa upande wa nje wa paja, mbali na jeraha. Njia yake yote sasa inahesabiwa kuwa imechafuliwa. Kovu la kukingama nalo linaleta shida yake. Upasuaji sahihi wa mguu hukata kwa urefu, kwa hiyo ili kuliondoa kovu hilo lote inabidi ngozi pana iondolewe, na pengo lizibwe kwa ngozi au nyama iliyohamishwa kutoka mahali pengine. Kazi ambayo ingekuwa kutoa fungu moja la misuli pamoja na uvimbe ndani yake, bila kuuona, imekuwa kutafuta ugonjwa usioonekana katika nusu ya paja. Wagonjwa wanaopasuliwa tena baada ya upasuaji wa namna hii hukutwa na saratani iliyobaki kwa viwango vinavyotofautiana, kuanzia kama robo yao hadi zaidi ya nusu, kutegemea utafiti. Ikiwa damu ile imefika kwenye mshipa mkuu na neva za mguu, kuukata mguu kunaweza kuwa njia pekee iliyobaki, wakati mwanzoni hakukuhitajika.

Hata biopsi inaweza kuharibu hivyo. Mwaka 1982 Mankin na wenzake huko Marekani walichunguza wagonjwa 329 waliochukuliwa biopsi kwa uvimbe wa mifupa na nyama laini. Katika asilimia 4.5 ya wagonjwa hao mguu au mkono ulikatwa bila ulazima, kwa sababu tu ya biopsi iliyofanywa vibaya, na matatizo yalikuwa mengi zaidi mara kadhaa pale ilipofanyika hospitali ya kwanza badala ya kituo kilichokuja kutoa matibabu. Utafiti huo ulirudiwa na kuchapishwa mwaka 1996, na hali haikuwa imebadilika sana.

Njia ya pili inaanza na picha, tena kabla ya sindano, kwa sababu damu ya biopsi huichafua picha. Bora ni picha ya sumaku, ile inayoitwa IRM, inayoonyesha uvimbe umekaa katika msuli upi na umeukaribia mshipa mkuu kwa kiasi gani. Ikikosekana, skana yenye dawa ya kung'arisha mishipa inasaidia. Kifua nacho kipigwe skana, au angalau picha ya kawaida, kwani sarkoma ya mguu ikisafiri huenda kwanza kwenye mapafu. Mitoki ya kinena ipapaswe pia, ingawa ni aina chache tu zinazopitia huko.

Ndipo biopsi. Si ile ya sindano nyembamba inayonyonya chembe zilizotawanyika, maana msomaji wa darubini anahitaji kuona nyama ilivyojipanga. Inatakiwa sindano nene inayokata vipande, mara nyingi namba 14, chini ya ganzi, vipande vinne hadi sita kupitia tundu moja la ngozi. Mahali pa tundu hilo ndipo penye ujuzi wote. Liwe kwenye mstari ambao daktari atakayefanya upasuaji mkubwa atapita, kwa urefu wa paja, sindano ipite katika msuli mmoja tu na iepuke mshipa mkuu na neva, ili siku ya upasuaji njia yake itolewe pamoja na uvimbe. Kwa hiyo daktari huyo apigiwe simu kabla sindano haijaingia. Kama sindano hiyo haipo, mkato mdogo wa sentimita mbili au tatu, kwa urefu uleule, damu ikizuiwa kabisa, unaweza kufanya kazi hiyo. Lakini kwa asiyekuwa na mazoea, mimi ningemshauri aiachie Lubumbashi.

Wagonjwa wengi huogopa kwamba sindano itaamsha saratani na kuisambaza. Hofu hiyo naielewa, lakini njia ya sindano ni nyembamba na inatolewa baadaye. Kinachosambaza kweli ni kule kuuchomoa uvimbe kwa kidole.

Vipande viingizwe mara moja katika formoli ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya nyama. Si katika maji ya chumvi, wala spiriti. Karatasi ieleze umri, upande, kina, ukubwa na muda wa uvimbe. Bila hayo msomaji anafanya kazi gizani.

Jibu likiwa sarkoma kali, fundi wetu atatolewa uvimbe pamoja na nyama nzima inayouzunguka pande zote, na kwa kawaida mionzi huongezwa kabla au baada. Ile ya kabla mara nyingi huwa vipindi 25 katika wiki tano. Kwa watu wa Katanga, Hospitali ya Saratani ya Lusaka, ng'ambo ya Kasumbalesa, ni mojawapo ya mahali pa kuulizia, kama ilivyo Oshen Rodi ya Dar es Salaam. Uliza kwanza kama mashine zinafanya kazi kabla ya kufunga safari. Na mguu hubaki. Jaribio la Rosenberg na wenzake lililochapishwa mwaka 1982 lilionyesha kuwa waliobakishiwa kiungo na kupewa mionzi hawakufa zaidi ya waliokatwa.

Vivimbe vidogo, vya juu ya utando, vinavyoteleza chini ya ngozi, vinaweza kutolewa Likasi bila haya yote. Sharti ni moja: kila kilichotolewa kiende kusomwa, hata kikionekana mafuta matupu.

Kwa yule ambaye ameshapasuliwa, na jibu la sarkoma limekuja baadaye, asikubali kupasuliwa tena haraka ili “kusafisha”. Hali yake haijawa ya kukata tamaa. Wengi wakipigwa picha upya na kutolewa eneo lote kwa mpango, wanapona. Ila aende Lubumbashi na vitu vitatu mkononi: picha zozote za kabla ya upasuaji, ripoti ya upasuaji inayosema kisu kilipita wapi na mpira ulitokea wapi, na kile kibonge cha nta ambamo maabara ilihifadhi nyama yake. Kibonge hicho kinaweza kukatwa na kusomwa upya hata baada ya miaka, na mgonjwa ana haki ya kukiomba.