Winchi ya saiti na mota yake: hesabu moja ya Feri

Katika mitaa ya nyuma ya Feri, na zaidi Kariakoo, viwanja ni vidogo na njia zimejaa watu na mizigo. Mahali pa kusimamisha kreni kubwa hapapatikani kirahisi. Anayejenga ghorofa mara nyingi hufunga winchi ya umeme chini, anapitisha kamba ya waya kwenye kapi lililoko juu, na jukwaa linapanda na mifuko ya saruji pembeni mwa jengo. Swali linalofuata ni la dukani: mota ya kilowati ngapi? Wengi hulijibu kwa kuangalia jirani amefunga ipi. Jibu la uhakika linapatikana kwa mambo matatu tu, yaani uzito unaopanda, kasi ya kupanda na ufanisi wa mtambo. Mawili ya kwanza kila mtu anayakumbuka. La tatu ndilo linalounguza mota, na kwa saiti iliyo karibu na bahari linastahili kuangaliwa kwa karibu.

Tuchukue jengo la ghorofa tisa. Jukwaa linabeba mifuko kumi ya saruji ya kilo 50, ambayo ni kilo 500. Kosa la kwanza ni kuishia hapo. Jukwaa lenyewe, pamoja na ndoano na minyororo yake, lina uzito, na mota inaliinua kila safari kama inavyoinua saruji. Tuliweke kilo 100. Jumla ni kilo 600.

Dunia inavuta kila kilo moja kwa kani ya nyutoni 9.81. Kilo 600 zinaivuta kamba kwa nyutoni 5,886. Tukitaka jukwaa lipande nusu mita kwa sekunde, litafika mita 27 juu kwa sekunde 54, mwendo unaotosha kwa kazi ya saiti. Nguvu ni kani mara kasi: 5,886 mara 0.5 ni wati 2,943, karibu kilowati tatu.

Hapa ndipo mtu anapokwenda dukani akanunua mota ya kilowati tatu. Lakini hizo kilowati tatu zinahitajika kwenye jukwaa, ilhali mota iko chini, na kati yao kuna giaboksi, ngoma ya kuzungushia kamba na makapi mawili: moja chini linalogeuza kamba kuelekea juu, jingine kileleni. Kila kimoja kinakula sehemu ya nguvu na kuigeuza joto. Giaboksi ya aina ya parafujo, inayopatikana kwenye winchi nyingi za bei nafuu, inaweza kupitisha asilimia 70 tu. Kapi lenye beringi nzima na grisi safi linapitisha kama asilimia 96. Ufanisi wa mtambo wote ni zao la hizo zote: 0.70 mara 0.96 mara 0.96, yaani takribani 0.64. Fomula nzima ni hii:

```
P = m × g × v ÷ η
P = 600 × 9.81 × 0.5 ÷ 0.64 ≈ 4,600 W
```

Mota inatakiwa kutoa kilowati 4.6 kwenye shafti yake. Mota za viwandani hutengenezwa kwa saizi maalumu: baada ya kilowati 4 inakuja 5.5, ambayo mafundi wanaijua kama hospawa saba na nusu. Tunachukua ya 5.5. Ile ya kilowati tatu ingeinua mzigo huo siku chache, pengine, kwa sababu mota inaweza kuzidiwa kwa muda mfupi bila kusimama. Ingekuwa inachemka kila safari, varnishi ya waya zake ikikauka na kupasuka, mpaka siku ikaungua.

Sasa turudi kwenye ufanisi. Ile 0.64 ni ya siku ya kwanza, makapi yakiwa mapya. Upepo wa Feri una chumvi. Unaingia kwenye beringi iliyokosa grisi, kutu inaanza, na kapi linazunguka kwa shida huku kamba ikilisugua. Tuseme kila kapi sasa linapitisha asilimia 85. Ufanisi unashuka hadi kama 0.51, na mzigo uleule wa kilo 600 kwa kasi ileile unataka kilowati 5.8. Mota ya 5.5 imezidiwa, na hakuna aliyeongeza hata mfuko mmoja. Fundi atasema mota imechoka. Mota ni nzima. Kilichochoka ni makapi, na hata akifunga mota mpya, nayo itaungua.

Njia ya kulijua hili mapema ni rahisi. Fundi umeme yeyote ana mita ya kubana waya. Kwenye umeme wa fezi tatu wa volti 400, mota yetu ikiinua kilo 600 kwenye mtambo mzuri itavuta karibu ampea 9. Kibao cha mota kitaonyesha kama ampea 11 kuwa ndicho kiwango chake kamili. Pima siku ya kwanza kwa mzigo uliopimwa, uandike. Ukirudia baada ya wiki kadhaa kwa mzigo uleule, volti zikiwa zilezile, ukaona 12, panda juu ukaguse kapi. Likiwa la moto au linalia, umeshapata jibu.

Volti nazo lazima zitazamwe, kwa sababu saiti nyingi zinavuta umeme kwa waya mrefu na mwembamba. Mota inapoanza bila kifaa cha kuilegeza huvuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida, na wakati huo volti zinaanguka kwenye waya. Nguvu yake ya kuzungusha inafuata mraba wa volti: zikibaki asilimia 70, nguvu ya kuanzia inabaki karibu nusu. Ndiyo maana winchi inanguruma jukwaa likiwa halijatikisika. Waendeshaji wengi hubonyeza swichi tena na tena, na kila jaribio linaongeza joto. Dawa ni waya mnene au mfupi zaidi. Kwa anayetumia genereta, achague inayobeba ule mvuto wa kuanzia, si kilowati za mota peke yake.

Msomaji anaweza kuuliza mbona lifti ya watu katika jengo lililokamilika, ya kilo 630 na inayokwenda mita moja kwa sekunde, mara nyingi ina mota isiyozidi hiyo sana. Sababu ni kwamba upande wa pili wa kamba zake kuna chuma kizito kinachosawazisha uzito wa chumba na karibu nusu ya abiria, hivyo mota inainua tofauti tu. Winchi ya saiti haina chuma hicho. Inabeba kila kilo, na wala haikutengenezwa kubeba mtu.

Kuna jambo moja ambalo hesabu ya mota haisemi kabisa. Kapi la kileleni linavutwa na kamba pande zote mbili: upande wa jukwaa nyutoni 5,886, na upande unaoshuka kwenye winchi kiasi hichohicho au zaidi kidogo. Chuma kinacholishikilia kinabeba zaidi ya kilo 1,200 wakati mzigo ni 600, na jukwaa likianza kwa kishindo kinabeba zaidi ya hapo. Kama chuma hicho kimefungwa kwenye ukingo wa sakafu ambayo zege yake haijakomaa, mwiteni injinia wa jengo akikague kabla mfuko wa kwanza haujapanda.