Kuku wa kilo ngapi? Namna ya kuandika barua ya kuomba bei ya vyakula vya hoteli

Mfugaji mmoja wa upande wa Ruangwa alitupigia simu studio akiwa na hasira. Alikuwa ameshusha kuku 30 wa kienyeji kwenye nyumba ya wageni moja pale Nanganga. Walipokelewa 19, na 11 wakarudishwa kwa sababu "ni wadogo". Nauli ya kwenda na kurudi ilitoka mfukoni mwake. Nilimwomba anisomee ujumbe aliotumiwa na hoteli. Ulikuwa mstari mmoja tu: "Naomba bei ya kuku 30 wa kienyeji, uwalete Jumatatu."

Ndugu msikilizaji, ukiusoma ujumbe huo mara mbili utaona kwamba hakuna aliyekosea kuliko mwenzake. Mfugaji alileta kuku 30, na walikuwa wa kienyeji. Mpishi naye alikuwa na haki ya kukataa kifaranga kisichotoa sahani nne. Kosa lilikuwa kwenye maandishi. Leo tuangalie namna hoteli inavyoandika barua ya kuomba bei, ile ambayo wengi huiita kotesheni, na mkulima au mfugaji aitazame vipi kabla ya kujibu.

Bei hulinganishwa kama bidhaa ni moja

Sisi wa huku tunalijua jambo hili kutoka kwenye korosho, ufuta na mbaazi. Kwenye minada ya chama kikuu RUNALI, chenye jina lililotokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei kwenye barua, wakazitumbukiza kwenye sanduku, kisha zikafunguliwa mbele ya wakulima. Baadaye minada ikahamia kwenye mfumo wa mtandao wa TMX. Njia imebadilika, lakini msingi ni uleule: kila mnunuzi anataja bei ya kilo moja ya mzigo uleule, wa daraja lilelile, ulioko kwenye ghala lilelile. Ndiyo maana shilingi 10 tu huweza kuamua nani ameshinda.

Barua ya hoteli ni mnada huo uliogeuzwa. Hapa mnunuzi ni mmoja na wauzaji ni wengi. Mmoja akitaja bei ya tenga la nyanya, wa pili bei ya ndoo na wa tatu bei ya kilo, mwenye hoteli hana anacholinganisha. Tenga, debe na fungu hupima nafasi, hazipimi uzito. Tunakumbuka bakuli la kangomba lilivyowapunja wakulima wa korosho. Kwa hiyo kwenye barua andika kilo, na pale ambapo bidhaa huhesabiwa kwa idadi, kama kuku, andika na uzito wa kila mmoja.

Kiasi kinaanzia kwenye sahani

Tuchukue mfano wa hoteli ndogo ya Nanganga. Pale ni njia panda, barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi, hivyo jiko linahudumia waliolala pamoja na wasafiri wanaosimama kula. Mpishi asikisie kiasi. Achukue daftari la mauzo la wiki nne zilizopita ahesabu sahani.

Tuseme daftari linaonyesha sahani 20 za kuku kwa siku. Kuku mmoja wa kienyeji anagawanywa mara nne, kwa hiyo jiko linahitaji kuku 5 kwa siku, sawa na 35 kwa wiki. Ili robo ile imshibishe mteja, kuku aliyesafishwa awe na kilo 1 hadi kilo 1.2. Hapo ndipo mfugaji wetu aliumia. Kuku akiwa hai ana manyoya, damu na utumbo, na wa kilo 1.5 akishachinjwa na kusafishwa hubaki na kilo 1 na kidogo. Kwa hiyo barua iseme wazi uzito unaotajwa ni wa kuku hai au aliyesafishwa.

Nyanya nazo zina hesabu yake. Kama jiko linatumia kilo 4 kwa siku, wiki nzima ni kilo 28. Lakini kila mzigo una nyanya zilizopasuka na zilizooza, basi ongeza sehemu moja ya kumi. Unapata karibu kilo 31. Usiagize zote kwa mara moja, kwa sababu kwenye joto letu nyanya iliyoiva vizuri haifiki siku ya saba. Kilo 13 zije Jumatatu kwa siku tatu, na kilo 18 Alhamisi kwa siku nne zinazobaki. Kuku wagawe hivyohivyo: 10 Jumatatu, 10 Jumatano na 15 Ijumaa. Friji ikizimika kwa umeme kukatika, utapoteza wa siku mbili tatu, hutapoteza wa wiki nzima.

Barua yenyewe

Barua haihitaji maneno mengi. Inaweza kuandikwa kwenye karatasi au kutumwa kwa simu, ila wote wapate maneno yaleyale. Watumie wauzaji watatu au zaidi. Mfano ni huu:

*YAH: KUOMBA BEI YA KUKU NA NYANYA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba bei yako kwa bidhaa zifuatazo kwa kipindi cha wiki nne, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao.*

*1. Kuku wa kienyeji, waliochinjwa kwa taratibu za Kiislamu siku ileile ya kuletwa, wamesafishwa, bila kichwa, miguu wala utumbo, hawajakatwa vipande. Uzito wa kila mmoja kilo 1 hadi 1.2. Idadi kwa wiki ni 35: Jumatatu 10, Jumatano 10, Ijumaa 15. Taja bei ya kuku mmoja.*

*2. Nyanya nyekundu, bado ngumu, zisizopasuka. Kilo 31 kwa wiki: Jumatatu 13, Alhamisi 18. Taja bei ya kilo moja.*

*Bei iwe ya mzigo uliofika jikoni kwetu Nanganga, usafiri ukiwa ndani yake. Mzigo ufike kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Utapimwa kwa mizani mbele ya aliyeuleta, na pande zote mbili zitasaini daftari la mapokezi. Kisichofikia sifa hizi kitarudishwa palepale, na muuzaji hatalipwa kwa hicho.*

*Malipo ni kwa simu kila Jumamosi, kwa mizigo yote ya wiki hiyo, pamoja na ada ya kutolea. Idadi ni makadirio: mabadiliko tutayatoa siku mbili kabla. Bei yako isibadilike kwa wiki nne.*

*Majibu yatufikie kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Barua hii ni ya kuomba bei tu, si oda. Tutakayemchagua atapewa oda ya maandishi.*

Mistari inayobeba pesa

Mstari wa usafiri ndio unaowapotosha wengi. Tuseme mkulima wa kwanza anataja nyanya shilingi 1,500 kwa kilo, zimefika jikoni. Wa pili anataja 1,200, lakini shambani kwake, na bodaboda ya kuzileta ni shilingi 9,000 kila safari. Hizi ni bei za mfano tu. Wa kwanza kwa kilo 31 anagharimu 46,500. Wa pili nyanya zake ni 37,200, ila kuna safari mbili kwa wiki, yaani 18,000, na jumla inakuwa 55,200. Aliyeonekana rahisi ndiye ghali. Barua ikisema "bei ya mzigo uliofika jikoni", hesabu hii anaifanya muuzaji mwenyewe kabla ya kujibu, na mwenye hoteli anasoma tarakimu moja.

Mstari wa malipo nao una bei yake. Mfugaji anayesubiri mwezi mzima kulipwa analazimika kukopa pumba na dawa, na gharama hiyo ataiweka kwenye kuku. Hoteli inayoandika "tutalipa mapema" bila siku haijasema kitu. Andika siku. Hata ada ya kutolea itajwe, maana kwenye malipo madogo ya kila wiki inamla muuzaji taratibu.

Muda wa bei uendane na bidhaa. Kwa mchele unaweza kuomba bei isiyobadilika kwa miezi mitatu. Kwa nyanya usifanye hivyo. Mvua zikikolea, nyanya huharibika shambani na bei hupanda. Ukimfunga mkulima kwa bei ya kiangazi, atakuletea wiki mbili, kisha simu yake haitapatikana. Wiki nne zinatosha, halafu mnaomba bei upya.

Na mstari wa kukataa mzigo lazima uwe na haki kwa pande zote. Mzigo ukataliwe pale mizani ilipo, muuzaji akiwa amesimama hapo. Kupigiwa simu saa 8 mchana kwamba "nyanya zako zilikuwa mbovu" si kukataa mzigo, maana kufikia saa hizo hakuna anayejua zilikaa wapi. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na iwe na stika yake.

Ukipokea barua isiyokamilika

Kwa mkulima na mfugaji, ukipata ujumbe wa mstari mmoja kama ule wa kuku 30, usitaje bei kwanza. Uliza mambo manne: uzito gani na ukiwa hali gani, ufike wapi na saa ngapi, usafiri wa nani, na malipo siku gani. Majibu yakishafika, yaandike kwenye ujumbe wako wa bei, kwa mfano: "Kuku aliyesafishwa, kilo 1 hadi 1.2, amefika jikoni, malipo Jumamosi, shilingi kadhaa." Ujumbe huo unabaki kwenye simu, na siku ya ubishi ndiyo utakaosomwa.

Kumbuka pia kwamba aliyeomba bei hajaagiza. Usichinje kuku 10 wala kuchuma nyanya kilo 13 kwa sababu tu umetumiwa barua. Subiri oda yenye tarehe na idadi.

Yule mfugaji wa Ruangwa hakurudishiwa nauli yake. Lakini alirudi kwa mwenye nyumba ya wageni wakakaa chini na kukubaliana uzito, na safari hii waliuandika. Tangu hapo kabla ya kupakia anapima kila kuku nyumbani, na wasiofika kilo anawabakiza bandani waendelee kukua.